Barua ya ridhaa ya mtoto anayesafiri na shangazi

"Mwanangu anasafiri na shangazi yake. Je, barua niliyoiandika kwa mkono itatosha mpakani?"

Salamu. Kwanza hakikisha wazazi wote wawili mmeitia saini mbele ya wakili anayeshuhudia viapo, kwa kuwa saini isiyoshuhudiwa haimthibitishii afisa ni ya nani. Ambatisha cheti cha kuzaliwa na nakala za pasipoti zenu, maana cheti ndicho kinachounganisha waliotia saini na mtoto, hasa jina la shangazi likiwa tofauti. Nilipomsindikiza mpwa wangu, barua ilitaja nchi na tarehe za kwenda na kurudi, lakini bado afisa alimpigia dada yangu simu, kisha akamwuliza mtoto mwenyewe anakwenda kwa nani. Kwa hiyo andikeni namba itakayopokelewa saa hiyo. Ikiwa mzazi mmoja amefariki, shangazi abebe cheti cha kifo.