Riba ikipanda na sarafu ikaanguka

Swali la wiki: "Tunafundishwa kwamba benki kuu ikipandisha riba, bei hutulia. Mbona wachumi wengine wanasema kwamba katika nchi yenye deni kubwa riba hiyohiyo inaweza kuchochea mfumuko wa bei? Kuna mahali hili limetokea kweli, au ni hesabu za ubaoni tu?"

Ndugu Mhariri,

Limetokea, na mfano ninaoupenda ni Brazili ya mwaka 2002. Naupenda kwa sababu benki kuu yao ilikuwa ikifanya kila kitu kwa kufuata kitabu. Mtu asije akasema ilikuwa inachapisha noti usiku.

Brazili iliiacha sarafu yake, reali, ielee sokoni Januari 1999, na miezi michache baadaye ikaanza kufuata lengo rasmi la mfumuko wa bei. Lengo la 2002 lilikuwa asilimia 3.5, na uvumilivu wa pointi 2 juu au chini. Benki kuu ikishindwa, gavana huandika barua ya wazi kwa waziri wa fedha kueleza sababu. Mpango huo ulienda vizuri miaka miwili ya kwanza, na ukayumba 2001. Ilipofika 2002 uchaguzi wa rais ulikaribia, na Lula da Silva akawa anaongoza kura za maoni. Chama chake kiliwahi kuzungumzia deni la taifa kwa maneno yaliyowatisha wenye kulikopesha. Hakuna kilichokuwa kimebadilika katika bajeti ya mwaka huo. Kilichobadilika ni kile watu walichotarajia kuhusu bajeti za miaka ijayo.

Wawekezaji wa nje wakaanza kudai malipo makubwa zaidi ili wakubali kushika deni la Brazili. Katika majira ya kwanza ya mwaka, nyongeza hiyo juu ya riba ya deni la Marekani ilikuwa kama pointi 7 za asilimia. Kufikia Septemba ilikuwa imevuka 20. Dola iliyonunuliwa kwa reali 2.3 hivi mwezi Aprili ilikaribia reali 4 mwezi Oktoba. Vitu vya kuagizwa vikapanda bei, kisha vya ndani vikafuata, na mwaka ukafungwa na mfumuko wa asilimia 12.5. Benki kuu ilipandisha riba yake kutoka 18 hadi 21 katikati ya Oktoba, kwa kikao cha dharura, kisha ngazi kwa ngazi hadi 26.5 Februari 2003.

Hapa ndipo swali lenu linapoingia. Kwa kawaida riba ikipanda, hati fungani za nchi zinavutia, fedha zinaingia, sarafu inapata nguvu, na bei za nje zinashuka. Lakini tazama deni lenyewe lilivyoundwa. Kwa takwimu za wakati ule deni la serikali, ukishatoa kile ambacho yenyewe inawadai wengine, lilivuka asilimia 60 ya pato la taifa. Karibu nusu yake, ukihesabu la nje na la ndani, lilikuwa la dola au limefungwa kwenye bei ya dola. Sehemu kubwa ya lililobaki ilikuwa hati fungani ambazo malipo yake yanafuata riba ya benki kuu siku kwa siku. Kwa hiyo benki kuu ilipopandisha riba, ilikuwa inaipelekea hazina bili papo hapo.

Tuifanye hesabu kwa namba nilizozinyoosha kidogo. Pato la taifa ni 100, deni ni 60, nusu yake ni dola, na nusu tuseme yote inafuata riba ya benki kuu. Dola ikipanda kutoka reali 2.4 hadi 3.6, ile 30 ya dola inakuwa 45, na deni zima linakuwa 75 bila serikali kukopa hata senti moja. Upande wa pili, 30 kwa riba ya asilimia 18 inagharimu 5.4 kwa mwaka. Kwa riba ya 26.5 inagharimu karibu 8. Nyongeza hiyo ni 2.5 ya pato la taifa, kabla ya kutoa sehemu inayofidia mfumuko. Serikali ilikuwa imelenga ziada ya msingi ya 3.75, yaani mapato yabaki juu ya matumizi kwa kiasi hicho kabla ya kulipa riba. Theluthi mbili za ziada hiyo zinamezwa na uamuzi wa kikao kimoja cha benki kuu baada ya kingine.

Mwekezaji anayeiona hesabu hii hasemi "riba imepanda, niingie." Anasema "riba imepanda, kwa hiyo uwezekano wa kutolipwa umepanda, nitoke." Akitoka, reali inaanguka, sehemu ya dola inavimba, na uwezekano wa kutolipwa unapanda tena. Mchumi Olivier Blanchard aliandika kuhusu kisa hiki mwaka 2004 na hitimisho lake lilikuwa hilohilo: deni likiwa kubwa, likiwa na dola nyingi ndani yake, na wawekezaji wakiwa na woga, riba ya juu inaweza kuidhoofisha sarafu badala ya kuiimarisha, na dawa ya mfumuko iko kwenye bajeti. Hali hiyo ndiyo wachumi wanayoiita bajeti kuitawala sera ya fedha. Benki kuu inaweza kuwa na uhuru wote kisheria, lakini usukani usiwe mikononi mwake.

Mnajua, wengi wakisikia maneno hayo wanafikiria waziri akimpigia simu gavana achapishe fedha. Hiyo ni sura moja tu, na ni ya zamani. Wachumi Thomas Sargent na Neil Wallace waliieleza mwaka 1981: kama hazina haitarekebisha nakisi yake kamwe, benki kuu inayobana leo inaliacha deni likue kwa riba, na siku soko litakapokataa kukopesha zaidi italazimika kuchapisha noti nyingi kuliko ambazo ingechapisha leo. Watu wakiliona hilo mapema, bei zinaweza kupanda leo.

Nadharia ya kibajeti ya kiwango cha bei inakwenda mbali zaidi, na haihitaji noti kabisa. Inalitazama deni la serikali kama hisa za kampuni: thamani yake ni gawio linalotarajiwa. Tuseme serikali ina deni la shilingi 100,000, lote kwa sarafu yake, na kilo ya unga ni shilingi 100. Watu wanatarajia kila mwaka serikali ibaki na ziada ya msingi inayotosha kununua kilo 50 za unga, na riba halisi, yaani ukishatoa mfumuko, ni asilimia 5. Kilo 50 kila mwaka bila mwisho, kwa riba hiyo, zina thamani ya kilo 1,000 leo. Kilo 1,000 kwa shilingi 100 ni 100,000, kwa hiyo mizani iko sawa. Sasa watu waamini kwamba ziada itakuwa kilo 40 tu. Deni lina thamani ya kilo 800, ilhali karatasi bado zinasema 100,000. Wanaozishika wanajiona wamebeba karatasi nyingi kuliko zinavyostahili. Wanaziuza wanunue bidhaa, viwanja, dola, chochote, na bei zinapanda hadi kilo ifike shilingi 125. Hapo 100,000 inanunua kilo 800 na mizani inarudi.

Halafu benki kuu inaingia na riba ya asilimia 15 badala ya 5, ziada ikibaki palepale. Mwakani karatasi zinakuwa 115,000 badala ya 105,000, na unga wa kuzilipa ni uleule. Kila kilo lazima ibebe shilingi nyingi zaidi. Riba iliyokusudiwa kuzima mfumuko imeugeuza kuwa wa kudumu.

Nadharia hii ina wapinzani wakali. Mchumi Willem Buiter, kwa mfano, alisema inachukua sharti ambalo serikali lazima ilitimize kwa bei yoyote ile na kuligeuza kuwa kitu kinachoamua bei. Mimi sioni haja ya kuinunua nzima. Hata Brazili haikuifuata kikamilifu, maana deni la dola haliyeyuki bei za ndani zikipanda, na woga uliopita sokoni ulikuwa wa kutolipwa. Njia mbili tofauti, lakini zote zinaanzia kwenye ziada za bajeti ambazo watu hawaziamini tena.

Angalieni pia jinsi mambo yalivyotulia. Serikali mpya, Antonio Palocci akiwa waziri wa fedha, ilipandisha lengo la ziada ya msingi la 2003 kutoka 3.75 hadi 4.25 ya pato la taifa, kinyume na wengi walivyotarajia. Nyongeza ile ya wawekezaji ikashuka chini ya pointi 10, na katikati ya 2003 dola ikanunuliwa kwa chini ya reali 3. Mfumuko ulifunga mwaka huo kwenye 9.3, na 2004 kwenye 7.6. Kuna wanaosema ni riba ya 26.5 iliyofanya kazi. Ilisaidia, siwezi kukataa, kwa sababu vyote viwili vilikwenda pamoja. Ila riba ilikuwa imeshaanza kupanda Oktoba, na ninavyoona mimi, ilipata nguvu pale tu soko lilipoamini kwamba hazina italipa bili yake.

Kwa anayetaka kuitambua hali hii kwake, asiishie kwenye ukubwa wa deni. Japani ina deni linalozidi mara mbili ya pato lake, na kwa miaka mingi ilihangaika na bei zisizopanda. Tazama sehemu ya deni iliyo kwa fedha za kigeni, muda hadi linapoiva, yaani linapotakiwa kulipwa, na kiasi kinachofuata riba ya sokoni. Hati fungani ya miaka 20 yenye riba iliyofungwa haiongezi bili leo, lakini ya siku 91 itaipelekea hazina bili mpya baada ya miezi mitatu. Kisha tazama sarafu inatikiswa na habari gani.

Kenya ilitupa mfano mdogo mwanzoni mwa 2024. Dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160 mwezi Januari, kila mtu akiuliza hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni ingelipwa na nini. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba kutoka 10.5 hadi 12.5 mwezi Desemba, na shilingi ikaendelea kudhoofika. Februari riba ikaongezwa nusu pointi tu, hadi 13. Mwezi huohuo serikali ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva, na hati fungani ya miundombinu ikavutia fedha za nje kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Wiki chache baadaye dola ilikuwa chini ya shilingi 135. Pointi 2 za Desemba hazikuisogeza shilingi kama ilivyosogezwa na jibu la swali la Juni.