"Hata hivyo" na "ingawa": lipi hutengwa, lipi huunganishwa

*Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na mihtasari ya vikao naandika mimi. Juzi mwenyekiti kanirudishia karatasi, kazungushia "inga wa" na "hatahivyo" kwa kalamu nyekundu. Sentensi yenyewe ni hii: "Inga wa wanachama sita hawakufika, kikao kiliendelea. Hatahivyo, suala la mikopo liliahirishwa, maana hatakama mweka hazina angekuwepo, muda usingetosha." Lipi linatengwa, lipi linaunganishwa, na siku nyingine nitajuaje?*

Mwenyekiti wako yuko sahihi kwa yote mawili: ingawa ni neno moja, hata hivyo ni maneno mawili. Ila kalamu yake imepita juu ya kosa la tatu, na kwangu hilo ndilo baya kuliko yote. Nitalifikia.

Tuanze na ingawa. Hiki ni kitenzi kilichoganda. Mwanzoni kuna i-, kiambishi kile kile unachokiona katika "mvua inanyesha". Katikati kuna -nga-, kiambishi cha kukubali jambo huku ukishikilia kwamba halizuii lingine. Mwishoni kuna -wa, yaani kitenzi kuwa kilichovuliwa ku- yake. Zamani kiambishi cha mwanzo kilibadilika kumfuata mtendaji: "ningawa mgonjwa, nitakwenda", "angawa mdogo, ana akili", "wangawa wachache, watashinda". Ukisoma mashairi ya pwani utakutana na maumbo hayo. Katika maandishi ya kawaida ya leo imebaki i- peke yake, imekuwa kiunganishi, na wengi wetu hatukioni tena kitenzi kilichomo ndani.

Ukitaka kukiona, kiweke karibu na ndugu zake: ikiwa, ikawa, ingawa. Umbo ni moja, kilichobadilika ni kipande cha katikati tu. Sidhani kama umewahi kuandika "iki wa", na mkono wako ungekataa "ika wa". Basi "inga wa" nayo ikataliwe kwa sababu hiyo hiyo: viambishi vya kitenzi haviachani na mzizi wao. Ijapokuwa hufuata kanuni hiyo, nayo huandikwa kwa mkupuo mmoja, ingawa ni ndefu na macho yanatamani kuipasua katikati.

Nadhani kinachowaponza watu ni hiyo "wa" ya mwisho. Inafanana na ile ya "mtoto wa jirani", ambayo kweli husimama peke yake, basi mtu huipa nafasi yake bila kufikiri.

Hata hivyo ni habari nyingine kabisa. Hapa hakuna kitenzi. Kuna hata, neno linalojitegemea, na kuna hivyo, kionyeshi kama hicho, hilo na huyo. Kipimo chake ni kubadilisha upande mmoja na kuona kama mwingine unabaki mzima. Jaribu: hata hapo, hata sasa, hata leo, hata yeye. Hata haijatikisika. Geukia upande wa pili: kwa hivyo, vivyo hivyo, fanya hivyo. Hivyo nayo ipo vile vile. Maneno yanayoweza kuachana na kwenda kuishi kwingine namna hiyo ni mawili, hata kama yamezoea kutembea pamoja. Fanya jaribio hilo kwa ingawa uone: ukitoa -wa, hiyo "inga" iliyobaki huna pa kuipeleka kwa maana hiyo.

Kuna na kipimo cha sikio, nacho ndicho ninachokitumia zaidi nikiwa na haraka. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo kila mkazo unaousikia unakuonyesha neno. Tamka polepole: HAta HIvyo. Mikazo miwili, maneno mawili. Ingekuwa neno moja, mkazo ungebaki kwenye HI pekee na HA ingelegea, kama inavyolegea katika hataKUja. Sasa tamka inGAwa: mkazo mmoja. Ungekuwa unasema "inga wa" kweli, mkazo ungerudi nyuma kwenye I, na hakuna Mswahili anayetamka hivyo.

Huenda ukasema unasikia vyote vikitamkwa kwa mfululizo. Ni kweli, kwa sababu mdomo hauachi nafasi kati ya maneno. Usisikilize kituo, sikiliza mkazo.

Kipimo hiki kina mahali kinaposhindwa, tena mahali penye makosa mengi kuliko yote: "kwa hiyo". Kwa ina silabi moja tu, haina silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo haina mkazo wake. Huegemea neno linalofuata, sikio likasikia kwaHIyo, na mkono ukaandika "kwahiyo". Hapo rudi kwenye kipimo cha kwanza. Unaweza kusema kwa hilo, kwa hayo, na unaweza hata kuchomeka neno katikati: kwa sababu hiyo. Tenga.

Sasa lile kosa la tatu, "hatakama". Ukiandika hatahivyo, umekosea tahajia lakini msomaji ataelewa, maana neno kama hilo halipo. Hatakama lipo. Ni kitenzi kukama, kutoa maziwa, katika wakati ujao wa kukanusha: ha-ta-kama. "Juma hatakama ng'ombe leo" ni Kiswahili safi. Kwa hiyo sentensi yako, kwa jicho kali, inaanza kumzuia mweka hazina asikame. Tatizo hili hutokea kila hata inapogusana na kitu kinachoweza kuwa kitenzi: "hatakuja" ni kwamba yeye haji, "hata kuja" ni kwamba hilo la kuja nalo limo. Nafasi moja inageuza maana yote.

Na hapa nikutahadharishe, kwa sababu nimeungua mwenyewe. Ukiwa na mihtasari ya miaka kwenye kompyuta utashawishika kubonyeza Ctrl+H na kubadilisha yote kwa mara moja. Kwa "hatahivyo" fanya bila wasiwasi, haiwezi kuwa kitu kingine. Kwa "inga wa" pitia moja moja, maana herufi hizo zimo pia ndani ya "mzinga wa nyuki" na "walipinga wazo". Kwa "hatakama" vile vile. Niliwahi kuhariri kijitabu cha ufugaji, nikaamuru kila "hatakama" iwe "hata kama". Kulikuwa na sentensi iliyosema "Mfugaji hatakama ng'ombe huyo mpaka dawa iishe mwilini." Ikatoka: "Mfugaji hata kama ng'ombe huyo mpaka dawa iishe mwilini." Mwandishi wake alinipigia simu akiuliza tangu lini mfugaji kawa ng'ombe.

Sentensi yako iwe hivi: "Ingawa wanachama sita hawakufika, kikao kiliendelea. Hata hivyo, suala la mikopo liliahirishwa, maana hata kama mweka hazina angekuwepo, muda usingetosha." Mkato baada ya "hata hivyo" uache, uliuweka mahali pake.