Tawi la kaka lilipokatika: nilivyoandika upya hadithi ya mti wa vizibo

Niliandika hadithi fupi ya mvulana anayeitengenezea familia yake mti wa vizibo vya chupa na waya, na rasimu ya kwanza ilikuwa mbovu. Mti wenyewe niliumaliza kwa sentensi moja, kisha nikajaza kurasa mbili za machozi ya mama. Ukitaka kuandika hadithi ya namna hii, tengeneza kwanza huo mti kwa mikono yako.

Mimi nilikata nyaya laini za kufungia 20, kila moja sentimita 60. Katikati nilizisokota pamoja zikawa shina, chini nikazitawanya kuwa mizizi. Juu nilizigawa nnenne nikapata matawi matano: baba, mama, mvulana, mdogo wake, na kaka yao aliyeondoka nyumbani. Kila waya ulibeba vizibo vitatu. Nilivitoboa kwa msumari juu ya kipande cha ubao. Pale msumari unapotokea, bati huchanua ncha kali kuliko hata yale meno 21 ya ukingoni. Nilichomwa kidole, damu ikatoka, na papo hapo nikajua mama atagunduaje siri: ataona vidole vya mwanawe vimefungwa vitambaa.

Mti ulipokamilika, ulianguka. Vizibo 60 vilikuwa juu na mizizi ilikuwa mifupi, ikabidi niikunje kuzunguka jiwe. Hilo nililiandika kwa mistari miwili tu.

Kilichoiokoa hadithi ni tawi moja. Sikuwa na hakika lielekee wapi, basi nikalikunja kulia, nikalirudisha kushoto, tena na tena, mahali palepale. Waya ukifanyiwa hivyo hukakamaa pale unapokunjwa, halafu hukatika. Kabla haujakatika, mkono huhisi kwamba ule ulaini wa mwanzo umekwisha. Nikalifanya hilo kuwa tawi la kaka. Mvulana analielekeza kwa mama, analigeuza litazame nje, analirudisha, hadi linabaki mkononi mwake. Sentensi zote za "alimkumbuka sana kaka yake" nilizifuta, na sikuzihitaji tena.

Halafu uwe mkweli kuhusu kulitengeneza. Ukizisokota tu ncha mbili zilizokatika, uzito wa vizibo utazifungua. Mvulana wangu anachukua waya mpya, anauzungusha kwenye kisiki cha tawi mara kumi, akibana kila mzunguko kwa koleo, na panabaki nundu ambayo haifichiki.

Katika rasimu ya pili, mama halii. Anapitisha kidole kwenye matawi, kinakwama kwenye nundu.

"Hapa pana nini, mwanangu?"

"Palikatika, mama. Nimepafunga."

Mama hakiondoi kidole. Nikaiachia hadithi hapo.