E(Y|X), kovariansi na mstari wa rigresheni vinakutania wapi?

Swali: Mwalimu, kwenye rigresheni tumeanza na E(Y|X), tukaingia kovariansi, kisha tukaambiwa E[E(Y|X)] = E(Y). Kukokotoa naweza, ila sioni vinaunganika wapi. Na kwa nini mabaki hayana kovariansi na X?

Jibu: Tuseme kuna mashamba 10 ya ekari mojamoja. X ni mifuko ya mbolea, Y ni magunia ya mahindi. Mashamba 5 hayakutiwa mbolea, wastani wake ni magunia 6. Mashamba 3 yalitiwa mfuko mmoja, wastani 10. Mawili yalitiwa mifuko miwili, wastani 11. Hizo 6, 10 na 11 ndizo E(Y|X): ukishajua X ya shamba, huo ndio wastani unaoutarajia.

Kanuni uliyoitaja inasema wastani wa jumla hupatikana kwa kuchukua wastani wa hizo wastani, kila kundi likihesabiwa kwa ukubwa wake: (5×6 + 3×10 + 2×11)/10 = 8.2. Wengi hujumlisha 6, 10 na 11 wakagawa kwa 3, wakapata 9. Hapo wameyapa mashamba mawili uzito sawa na matano.

Kanuni hiyohiyo inatupa kovariansi bila kujua mavuno ya shamba mojamoja, kwa sababu E(XY) = E[X·E(Y|X)]. Hapa ni (0 + 3×1×10 + 2×2×11)/10 = 7.4. Wastani wa X ni 0.7, basi kovariansi ni 7.4 − 0.7×8.2 = 1.66. Wastani wa X² ni (3×1 + 2×4)/10 = 1.1, basi variansi ya X ni 1.1 − 0.7² = 1.1 − 0.49 = 0.61. Mteremko wa mstari, b, ni kovariansi kugawanya kwa variansi, na a ni pale mstari unapoanzia X ikiwa 0:

```
b = 1.66 / 0.61 ≈ 2.72
a = 8.2 − 2.72×0.7 ≈ 6.3
```

Mstari unakisia takriban 6.3, 9.0 na 11.7, ilhali wastani halisi ni 6, 10 na 11. Kwa hiyo mstari si E(Y|X) yenyewe. Ni mstari ulio karibu nayo kuliko mwingine wowote, kwa kipimo cha wastani wa miraba ya makosa.

Sasa mabaki. Ukitoa E(Y|X) kwenye Y, kinachobaki kina wastani sifuri ndani ya kila kundi, na kwa kanuni yetu kovariansi yake na X ni sifuri. Ukitoa mstari, kovariansi bado ni sifuri, ila ni kwa sababu b ilichaguliwa hivyo. Kwa hiyo sifuri hiyo haithibitishi kwamba mstari unafaa. Angalia wastani wa mabaki kundi kwa kundi: −0.3, +1.0, −0.7. Katikati juu, pembeni chini. Uhusiano umepinda, na faida ya mfuko wa pili ni gunia 1 tu, si 2.7.

Wala 2.7 haisemi kwamba mbolea ndiyo iliyoleta mavuno. Huenda waliotia mbolea ndio wenye udongo mzuri tangu awali, na hesabu hizi haziwezi kuvitenganisha.