Faharasa ya mkataba mrefu: ufafanuzi mmoja unavyogeuza ibara tatu

Katika mkataba mrefu, ukisoma ibara ya malipo peke yake bado hujajua utalipwa lini. Utakuta imeandikwa kwamba malipo yatafanyika baada ya jambo fulani lenye herufi kubwa mwanzoni, na maana ya jambo hilo iko kurasa nyingi nyuma, kwenye Ibara ya 1, au mwishoni kabisa ndani ya kiambatisho ambacho wasomaji wengi hawakifungui. Ndiyo maana kabla ya kushauri chochote kuhusu mkataba wa aina hii tunatengeneza faharasa ya maneno yote yaliyofafanuliwa. Orodha ya maneno na maana zake ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, yenye faida zaidi, ni kuandika pembeni ya kila neno ni ibara zipi zinabadilika maana kwa sababu yake.

Anza na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: soma ibara za utekelezaji kabla ya kusoma ufafanuzi. Chagua zile zinazogusa pesa, muda, uharibifu, dhamana na kuvunja mkataba, kisha andika kwa sentensi moja unavyozielewa kwa lugha ya kawaida. Ukishasoma Ibara ya 1 utaanza kuyasoma maneno jinsi mwandishi wa mkataba anavyotaka, na hutaona tena pengo lililopo kati ya maana aliyoiweka na maana ambayo mtu wa kawaida angeipata. Pengo hilo ndilo unalolitafuta.

Baada ya hapo kusanya maneno. Ibara ya tafsiri, yaani ile Ibara ya 1, ni mahali pa kwanza, ila haitoshi. Ufafanuzi mwingine umejificha katikati ya sentensi, ndani ya mabano na alama za nukuu, kwa mfano: "kiasi kilichotajwa katika Kiambatisho B ("Bei ya Mkataba")". Mwingine uko kwenye viambatisho, na mwingine kwenye nyongeza zilizosainiwa baadaye. Kama una faili la Word, fungua dirisha la kutafuta, washa "Use wildcards", kisha tafuta hivi:

```
<[A-Z][a-z]@>
```

Itakuletea kila neno linaloanza kwa herufi kubwa. Utapata pia maneno ya mwanzo wa sentensi, na hayo utayaruka. Kisha zima "Use wildcards" na utafute alama ya kufungua mabano iliyofuatwa na alama ya nukuu, ili unase ufafanuzi wa katikati ya sentensi.

Kwa mkataba wa Kiswahili kuna tahadhari moja zaidi. Neno hubadilika mwanzoni, si mwishoni. Ukitafuta "Kifaa" hutapata "Vifaa", na ukitafuta "Siku ya Kazi" hutapata "Siku 30 za Kazi". Tafuta sehemu isiyobadilika, yaani "faa" au "Kazi", ukubali kupitia matokeo machache yasiyokuhusu. Faharasa nyingi zenye mapengo zimeharibikia hapa: mtu ametafuta umoja, ibara yenyewe imetumia wingi.

Weka kila neno kwenye mstari wake katika jedwali lenye safu sita: neno, ufafanuzi wake, ulipo ufafanuzi huo, ibara zinazolitumia, maneno mengine yaliyofafanuliwa ambayo linayategemea, na athari. Nakili ufafanuzi neno kwa neno, pamoja na koma zake. Usiufupishe. Tofauti kati ya "maana yake ni" na "inajumuisha" inapotea mara tu unapoandika kwa maneno yako, na ni tofauti kubwa: ya kwanza inafunga orodha, ya pili inaiacha wazi kwa vitu ambavyo havikutajwa.

Sasa tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Ni mkataba wa kuuza na kufunga mashine, kati ya Msambazaji na Mnunuzi. Ibara ya 9.1 inasema: "Mnunuzi atalipa Bei ya Mkataba ndani ya Siku 30 za Kazi baada ya Kukabidhiwa." Kwa lugha ya kawaida unaelewa hivi: mashine zikifika na kupokelewa, pesa zinalipwa baada ya mwezi hivi.

Ibara ya 1 inasema: "Kukabidhiwa maana yake ni Mnunuzi kusaini Hati ya Upokeaji." Hati ya Upokeaji nayo imefafanuliwa kuwa hati iliyo katika Kiambatisho C, itakayosainiwa Vifaa vyote vikifaulu Majaribio. Vifaa ni "mashine, vipuri na miongozo ya matumizi iliyoorodheshwa katika Kiambatisho A". Majaribio hayamo kabisa katika Ibara ya 1, yako Kiambatisho D, aya ya pili: "majaribio yanayojumuisha yaliyo katika orodha hii na mengine ambayo Mnunuzi ataona yanafaa." Na Siku ya Kazi ni siku isiyo Jumamosi, Jumapili, wala sikukuu ya umma katika nchi ya upande wowote.

Hapa ndipo unapofanya zoezi ambalo sisi tunaliita kupachika. Ondoa kila neno lililofafanuliwa, weka ufafanuzi wake mahali pake, kisha rudia kwa maneno yaliyomo ndani ya ufafanuzi huo, mpaka kusibaki neno la herufi kubwa ila majina ya pande mbili na marejeo ya viambatisho. Ibara ya 9.1 inakuwa hivi, kwa ufupi: Mnunuzi atalipa ndani ya siku 30, ukiacha wikendi na sikukuu za nchi zote mbili, tangu atakaposaini hati, na hati hiyo ataisaini mashine zote, vipuri vyote na miongozo yote ikifaulu majaribio yaliyoorodheshwa pamoja na mengine yoyote atakayotaka yeye.

Linganisha na sentensi uliyoiandika mwanzo. Siku 30 za kazi ni wiki sita, yaani siku 42 za kalenda kabla hata ya kuhesabu sikukuu. Mwongozo mmoja wa matumizi ukikosekana, malipo ya mashine zote yanaweza kuzuiwa. Na kwa kuwa orodha ya majaribio imeachwa wazi, saa ya malipo inaanzishwa na upande uleule unaotakiwa kulipa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana ukisoma Ibara ya 9 peke yake.

Usiishie kwenye ibara uliyoanza nayo. Rudi kwenye safu ya nne uone "Kukabidhiwa" limetumika wapi kwingine. Katika mkataba huu limo katika Ibara ya 12.3, kwamba hatari ya Vifaa kupotea au kuharibika inahamia kwa Mnunuzi baada ya Kukabidhiwa. Pachika: mashine zinaweza kuwa zimefungwa katika jengo la Mnunuzi, zinatumika kila siku, hati haijasainiwa, na zikiungua hasara ni ya Msambazaji. Limo tena katika Kipindi cha Dhamana, miezi 12 kuanzia Kukabidhiwa. Hati ikichelewa kusainiwa kwa miezi minne, Msambazaji amebeba jukumu la mashine hizo kwa miezi 16. Kwa hiyo safu ya athari ya neno hili itakuwa na maingizo matatu, kila moja likitaja ibara, maana ya kawaida, maana baada ya kupachika, na upande unaoumia. Athari isiyotaja nani anaumia haimsaidii atakayekwenda kujadiliana.

Halafu kuna Ibara ya 15.4: Msambazaji atatozwa asilimia 0.5 ya Bei ya Mkataba kwa kila wiki ya "kuchelewa kukabidhi". Herufi ndogo, na ni kitenzi. Je, ni kusainiwa kwa hati au ni kufika kwa mashine? Kama ni hati, Mnunuzi anaweza kuongeza majaribio na faini ikaendelea kuhesabika. Usiamue mwenyewe. Liandike kama swali, kwa rangi tofauti, kwa sababu pande zote mbili zina hoja: mmoja atasema herufi ndogo ni makusudi, mwingine atasema ni neno lilelile. Kiswahili kinaongeza tatizo hili kwa kuwa jina "Kukabidhiwa" na kitenzi "kukabidhi" vinakaa karibu sana, na mwandishi huteleza bila kujua. Dawa yake ni kupendekeza neno lililofafanuliwa liwe jina kamili lisilofanana na kitenzi, mfano "Tarehe ya Upokeaji", na 15.4 iandikwe upya kwa kulitumia hilo au kwa kutaja wazi tarehe ya mashine kufika.

Nyongeza zinahitaji mstari wake. Tuseme Nyongeza ya Kwanza ina sentensi moja tu: ufafanuzi wa Vifaa ubadilishwe, uongezwe "na programu za kuziendesha". Haikugusa bei. Lakini Bei ya Mkataba katika Kiambatisho B ni malipo kamili ya Vifaa vyote. Kwa sentensi ile, programu zimeingia ndani ya bei ya zamani, na zimeingia pia kwenye Majaribio, hatari na dhamana. Usifute ufafanuzi wa awali kwenye jedwali. Uache, uandike tarehe ulipokoma, na uweke mpya chini yake, maana mashine zilizopokelewa kabla ya nyongeza huenda bado zikasomwa kwa ule wa kwanza, kutegemea nyongeza yenyewe inasemaje kuhusu siku ya kuanza kutumika.

Ukiwa unanakili, utakutana pia na wajibu uliofichwa ndani ya ufafanuzi. Mfano: "Msimamizi maana yake ni mtu atakayeteuliwa na Msambazaji na ambaye hatabadilishwa bila idhini ya maandishi ya Mnunuzi." Nusu ya pili ya sentensi hiyo inampa Msambazaji sharti, na anayesoma ibara za wajibu peke yake hataliona. Lipe alama, ulihesabu pamoja na majukumu mengine.

Maneno mengi hayatakuwa na athari yoyote, na safu yao ya sita ibaki tupu. Ukijaza kila mstari kwa maelezo, ile mitano yenye uzito itazama. Malizia kwa ukaguzi wa haraka: neno lililofafanuliwa lakini halitumiki popote, mara nyingi ni dalili kwamba ibara fulani ilifutwa, neno la herufi kubwa lisilo na ufafanuzi, na neno lenye ufafanuzi katika Ibara ya 1 na mwingine tofauti katika kiambatisho. Kwa hilo la mwisho, tafuta ibara inayosema hati ipi inatangulia nyingine zikigongana, na uandike namba yake pembeni. Kama haipo, andika kwamba haipo, na mstari huo uende kwa mwanasheria ukiwa wa kwanza.