Dola limeshindwa kufanya nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika insha ya somo la usalama na maendeleo kuhusu kaskazini mwa Uganda miaka ya vita vya waasi wa LRA. Niliandika "dola iliyoshindwa", msimamizi akafuta akaweka "dola tete". Je, ni kitu kimoja kwa jina la adabu zaidi? — Mwanafunzi, Gulu

Marahaba. Msimamizi wako amepunguza ukali tu, kasoro yenyewe ameiacha pale pale.

Kitenzi "kushindwa" hakipendi kusimama peke yake. Mtu hushindwa na mwenzake, au hushindwa kufanya jambo. Ukisema "Okello ameshindwa" ukanyamaza, msikilizaji atauliza: na nani, au kufanya nini? (Wanaokemea mapepo kwa "ushindwe!" wao wameshajibu swali hilo.) Sasa wewe umeandika dola limeshindwa, ukaweka nukta. Msomaji ana haki ya kukuuliza vivyo hivyo, na ukijaribu kumjibu utaona mahali dhana hii inapovuja.

Chukua eneo lako. Kuanzia mwaka 1996 jeshi liliwaamuru watu wa Acholi waache vijiji vyao waingie kambini, na kambi zikaitwa vijiji vya ulinzi. Kufikia 2005 waliohamishwa kote kaskazini walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Kuhamisha umma wa namna hiyo na kuuzuia kurudi mashambani si kazi ya dola lisilo na nguvu. Lakini ndani ya kambi hizo hizo maji, vyoo na dawa vilikuwa haba, na waasi waliendelea kuvamia na kuteka watoto. Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake mwaka 2005 ulikadiria kuwa kila wiki watu wapatao 1,000 zaidi ya kiwango cha kawaida walikuwa wanakufa, na malaria ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Katikati ya yote hayo, mwaka 1998, Uganda ikawa nchi ya kwanza kupata nafuu chini ya mpango wa kimataifa wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Kampala ilisifiwa kama mfano wa kuigwa.

Basi dola hilo lilishindwa? Liliweza kuhamisha, likashindwa kulinda na kutibu. Liliweza kukubaliana na wafadhili, likashindwa, na wapo wanaosema halikutaka, kumaliza vita mapema. Jina moja haliwezi kubeba yote hayo. Tena "kushindwa" hudokeza kwamba lilijaribu, kumbe palipo na uamuzi kitenzi sahihi huwa "lilikataa", "lilipuuza" au "liliamuru".

"Tete" nalo lina shida yake. Kwa Kiswahili tunasema hali ni tete mpakani, au mgonjwa hali yake ni tete: jambo la wakati fulani, linaloweza kugeuka kesho. Ukiligeuza kuwa sifa ya kudumu ya nchi, unafanya utete uonekane kama kilema cha kuzaliwa, na waliousababisha, wa ndani na wa nje, wanatoweka kwenye sentensi.

Fahirisi maarufu ya shirika la Fund for Peace, inayozipima nchi na iliyoanza 2005, ilibadili jina mwaka 2014 kutoka "madola yaliyoshindwa" hadi "madola tete". Upimaji ulibaki ule ule: viashiria 12, kila kimoja alama 0 hadi 10, vinajumlishwa kufikia 120, na alama nyingi maana yake hali mbaya. Nchi nzima inapata jumla moja. Mtu wa Mbarara kusini-magharibi na mtu wa kambini Pader kaskazini miaka ile wangewekwa kwenye tarakimu moja, ilhali walikuwa chini ya dola lenye nyuso mbili.

Sisemi neno lenyewe lipigwe marufuku. Somalia baada ya Siad Barre kuangushwa Januari 1991 haikuwa na serikali kuu kwa miaka, na hapo unaweza kuandika "dola lilisambaratika", kwa sababu ni tukio lenye tarehe. Hata hivyo Somaliland, kaskazini mwa nchi hiyo, ilijitangaza kuwa huru mwezi Mei mwaka huo huo ikajenga utawala wake Hargeisa, kwa hiyo taja ni wapi.

Jambo dogo la sarufi: "dola" la utawala ni la ngeli ya li-/ya-, ndiyo maana tuna Jumuiya ya Madola. Wengi huandika "dola iliyoshindwa", na utaeleweka, ila upatanisho huo ni wa dola ya Marekani. Msomaji mkorofi atadhani sarafu imeporomoka.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kati ya 1996 na 2006 dola la Uganda liliweza kuwahamishia kambini watu wa Acholi, lakini lilishindwa kuwalinda na kuwapa huduma za afya humo." Jina la fahirisi liache ndani ya alama za kunukuu, kama jina la mwenyewe, na usilikopeshe kwenye maelezo yako.