Akifika kileleni bila kitu kutoka: kwa matabibu wapya wa kliniki ya mkojo

Mwanaume hakuambii mapema. Atakuja na mgongo au na kukojoa mara kwa mara, na ukishamwandikia dawa, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, ndipo atasema, "Daktari, halafu na ile siku hizi haitoki." Mrudishe akae. Muulize bila kuzunguka: uume unasimama? Unafika kileleni? Kuna kitu kinatoka? Usipotenganisha maswali hayo matatu utampa dawa ya nguvu za kiume mtu ambaye nguvu anazo. Huyu tunayemzungumzia atajibu ndiyo, ndiyo, na hapana, au tone tu.

Wakati wa kumwaga, shingo ya kibofu hutakiwa kujibana ili shahawa isipate njia ya kurudi juu. Neva zinazoamuru mbano huo zikiharibika, au msuli wenyewe ukilegezwa na dawa au ukikatwa kwenye upasuaji, shahawa huingia kibofuni. Huko haimdhuru, ataikojoa. Basi muulize pia kama mkojo wa kwanza baada ya tendo huwa na ukungu.

Kabla ya kuandika kipimo chochote, mwambie atoe dawa zake zote mezani. Mzee wa tezi dume aliyeanzishiwa tamsulosini mara nyingi jibu lake liko kwenye pakiti, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hufanya vivyo hivyo. Hali hiyo kwa kawaida huisha dawa ikisimamishwa, lakini asiiache mwenyewe, mkojo unaweza kuziba. Aliyekwanguliwa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo ni habari nyingine: wengi hubaki hivyo maisha yote, na haki yao ilikuwa kuelezwa kabla ya kutia saini. Aliyeondolewa tezi dume nzima kwa sababu ya saratani hata kibofuni hutakuta kitu, kwa kuwa kiwanda chenyewe kimetolewa.

Chukua mfano wa dereva wa lori wa miaka 37, mwenye kisukari, anayetafuta mtoto. Karatasi ya maabara inasema shahawa mililita 0.3, hakuna mbegu. Mkewe keshapigwa picha ya mirija, ni salama. Kwa karatasi hiyo peke yake ungeandika kwamba hazalishi mbegu. Lakini kiwango cha chini kinachokubalika ni kama mililita 1.4, kwa hiyo swali la kwanza ni shahawa iliyobaki imekwenda wapi. Hakikisha kwanza haikumwagika nje ya kopo, maana hilo hutokea sana na watu huona haya kulisema.

Kipimo ni rahisi. Akojoe amalize kabisa, ajichue mpaka afike kileleni, kinachotoka kiingie kopo la kwanza, kisha akojoe tena kwenye kopo la pili. Andika majina ya makopo wewe mwenyewe. Maabara watazungusha mkojo huo kwenye mashine na kuangalia mashapo kwa hadubini. Mbegu chache hazithibitishi kitu, kwani hata mwanaume asiye na tatizo hili hubakiza kidogo njiani. Kwa dereva huyu zilijaa, nyingi zimekufa kwa sababu mkojo una asidi, na kwa utambuzi hilo halina shida. Kama zisingeonekana kabisa, ningefikiria mirija yake ya mbegu imeziba au hamwagi kabisa, na ningempeleka kwa bingwa.

Matibabu yanategemea anachotaka. Asiyehitaji mtoto hahitaji dawa. Mweleze tu, ila asiichukulie hali hii kuwa uzazi wa mpango, kwa sababu kiasi kidogo kinaweza kutoka mbele. Dereva wetu anahitaji mtoto. Sukari ishushwe, ingawa neva zilizokwisha kuumia huenda zisirudi. Bingwa anaweza kujaribu pseudoefedrini ya kufunga shingo ya kibofu, baada ya kupima presha, maana dawa hiyo huipandisha. Ikishindikana, mkojo hupunguzwa asidi kwa sodiamu baikaboneti, mbegu huvunwa humo na kupandikizwa kwa mkewe. Na kijana yeyote mwenye hali hii bila sababu ya wazi, pima sukari hata kama hajui kuwa anayo.

Wanandoa waliojaribu mwaka mzima bila mimba wapelekwe pamoja. Maumivu wakati wa kumwaga, homa au damu kwenye mkojo vishughulikiwe wiki hiyo hiyo. Lakini akisema imeanza ghafla, huku sehemu za siri na makalio yamekufa ganzi, miguu haina nguvu au mkojo umegoma, hapo acha habari za makopo. Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa. Piga simu ya rufaa akiwa bado kitandani pako, aondoke siku hiyo.